Mara ya mwisho ulicheza na nani?

Mwezi wa kumi na mbili huku Musonoi mvua hunyesha mchana, umeme hukatika jioni, na watu huanza kuhesabu zawadi za Bonane. Mwaka mmoja nilimnunulia jirani yangu sanduku la Skrabo, ule mchezo wa kupanga herufi, kwa sababu nilimwona kila Jumapili ana gazeti mkononi. Nikajiambia: huyu ni mtu wa maneno. Wiki tatu baadaye nilipita kwake nikakuta vile vibao vya herufi vimetandazwa sakafuni na mtoto wake wa darasa la kwanza anajifunza kuandika jina lake. Ubao wenyewe ulikuwa umefunika ndoo ya maji.

Kosa halikuwa la jirani. Nyumba ile inaongea Kiswahili kuanzia asubuhi hadi usiku, na sanduku nililonunua lilikuwa la Kifaransa. Sanduku la Kifaransa lina vibao 102, na herufi K imo mara moja tu, nayo ina pointi 10, kwa sababu katika Kifaransa K haionekani mara kwa mara. W nayo ni moja, Y moja, Z moja, zote za pointi 10. Sasa jaribu kuandika kuku. Unahitaji K mbili, unayo moja, basi unatumia kibao kitupu mahali pa ya pili. Viko viwili tu vya namna hiyo katika sanduku zima. Ukisha kuandika kuku, mwenzako hawezi kuandika kaka, wala kucheka, wala kula, wala kitenzi chochote kinachoanza na ku-, isipokuwa aitegemeze kwenye K iliyokwisha kuwekwa au atoe kibao kitupu kilichobaki. E ziko kumi na tano, zinasongamana mkononi mwako. Q na X zinakaa tu hadi mwisho zikikupunguzia pointi. Na yule aliyebahatika kuvuta ile K moja ameshinda bila akili yoyote. Walijaribu jioni mbili, wakachoka. Kwa heshima hawakuniambia.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza kabla ya kununua, na hasa pale ninapotaka kumpa mchezo mtu ambaye simjui vizuri: mwenzangu mpya wa kazini, shemeji aliyehamia juzi, mpangaji wa ua wa pili. Mtu wa namna hiyo hujui anapenda nini. Lakini nimegundua kwamba hata si lazima ujue anapenda nini. Unachotakiwa kujua ni nani atakaa mezani, saa ngapi, chini ya taa gani, na wataongea lugha gani. Hayo yanaulizika, na mtu huyajibu bila kujificha.

Swali la kwanza ambalo kila mtu huliuliza ndilo baya kuliko yote: unapenda michezo gani? Nililiuliza hilo mwaka uliofuata kwa mwenzangu wa posti, fundi aliyekuwa amehamia Musonoi miezi michache tu kutoka Likasi. Akanijibu, “Yote tu, yaya.” Jibu hilo ni la adabu. Mtu akihisi zawadi inakuja anaogopa kutaja kitu cha bei, na asipohisi anaogopa kuonekana mtoto. Kwa vyovyote hukupata kitu. Wengine hujibu “dame” au “karata” kwa sababu ndiyo majina ya kwanza yanayokuja mdomoni, kama vile mtu akiulizwa chakula anasema bukari.

Uliza badala yake juu ya siku moja iliyopita. Sisi tulikuwa tunangoja basi la kazi, mvua inapiga bati la kibanda, nikasema kama mtu anayepitisha muda:

“Weye mara ya mwisho kucheza mchezo, ulicheza nini?”

“Dame.”

“Na nani?”

“Na mukubwa wangu, kule Likasi. Alikuwa ananipiga kila siku.” Akacheka. “Siku ya mwisho mbele ya kuhama nikamupiga mara moja. Akasema ni kwa sababu ya giza.”

Sikia kilichomo humo. Kuna jina la mchezo, lakini kuna pia mtu, mahali, na namna mchezo ulivyokwisha. Mtu anayecheza kweli hukupa hivi vyote bila kuombwa. Asiyecheza hukupa jina tupu, “ah, ludo, zamani”, halafu ananyamaza. Na yuko wa tatu, ambaye hukwambia, “Banachezaka, miye naangalia tu.” Huyo usimdharau, lakini usimnunulie mchezo wa watu wawili walioinama kimya. Kama utamnunulia kitu, kiwe kile ambacho watazamaji wanapiga kelele na kushauri.

Hapo nilikaribia sana kukosea tena. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshanunua ubao mzuri wa dame wenye kete za mbao zilizopigwa vanishi. Kilichoniokoa ni swali la pili, fupi kuliko la kwanza:

“Na hapa Musonoi?”

“Hapa nitacheza na nani? Madamu hana wakati, batoto banajua kusukuma tu.”

Kumbe alichokuwa anakikumbuka kwa furaha ni kaka yake. Dame bila kaka ni ubao ukutani. Swali la “na nani” lina uzito kuliko swali la “nini” kwa sababu michezo haitofautiani kwa majina tu, inatofautiana kwa umbali inaouvumilia kati ya wachezaji. Katika dame hakuna bahati hata chembe. Anayejua zaidi atashinda leo, kesho na mwezi ujao, na anayeshindwa kila jioni ataacha kukaa, hata kama ni mke wako anayekupenda. Ludo ni kinyume chake. Bila sita hutoki nyumbani, na mtoto wa miaka sita anaweza kutupa sita tatu mfululizo huku baba yake mhandisi amekwama. Kwa hiyo nyumba yenye watu wa viwango mbalimbali inahitaji dadu. Watu wawili wanaolingana, wanaotafutana kila siku, dadu inawaudhi. Hao wape dame, au kisolo, au sataranji.

Swali lenyewe la kupima umbali huo ni hili: nani kati yenu hushindwa mara nyingi, na akishindwa hufanya nini? Usiliulize kama polisi. Mimi nilisema tu kwamba kwangu mtoto wa pili akipoteza ludo anapindua ubao. Akanijibu kwamba kwake mkubwa ana miaka kumi na miwili na anapenda kuhesabu, wa kati anaiba hatua, na wa mwisho wa miaka sita analia. Nilikuwa nimepata meza nzima: baba, mama, watoto watatu. Watano.

Watano ni namba yenye matatizo. Angalia sanduku lolote, limeandikwa idadi ya wachezaji, na ludo ya kawaida ni wanne. Watu hupuuza namba hiyo wakidhani ni ushauri, kumbe ni kipimo kama cha kiatu. Wa tano anakaa pembeni, na kwa kawaida wa tano ni yule mdogo anayelia. Kuna njia ya kutoka, ambayo nitaieleza, lakini ni lazima ujue mapema kwamba unaihitaji.

Kisha wakati na mwanga. Kwa wafanyakazi wa migodi yetu siku haina sura moja. Wiki hii mtu yuko posti ya asubuhi, wiki ijayo ya mchana, ile ya tatu analala wakati watoto wanatoka shule. Niliuliza, “Ukiwa posti ya asubuhi, mangaribi munafanyaka nini?” Akasema wanakaa barazani mpaka giza, halafu ndani na taa ya kuchaji kama umeme hakuna, halafu saa mbili na nusu watoto wanalala. Hesabu: kama saa moja na nusu, nusu yake nje kwenye upepo, nusu chini ya taa ndogo. Jibu hilo moja lilifuta nusu ya duka. Monopoli ikafutwa, kwa kuwa mchezo wake ukichezwa mpaka mwisho hupita saa mbili kwa urahisi, na zile noti za karatasi kwenye baraza lenye upepo utazikimbiza hadi kwa jirani. Michezo yenye rangi zinazofanana ikafutwa pia. Chini ya taa dhaifu bluu iliyoiva na nyeusi ni kitu kimoja, na nyekundu na machungwa nazo huanza kugombana. Ukiwa dukani chukua kete mbili za rangi unazoziogopa, zifunike kwa kiganja ziwe kivulini, uone kama bado unazitofautisha.

Swali la karata linahitaji upole. Wako watu, na katika ua mmoja mnaweza kuwa wa makanisa manne, ambao kwao karata na hata dadu ni mambo ya kamari na hayaingii nyumbani. Usikisie kwa kuangalia kama mtu ana Biblia mezani. Niliuliza moja kwa moja, “Kwenu karata inaingiaka?” Akasema, “Karata, mama-mkwe akiiona, tunalala inje. Ludo anachezaka yeye mwenyewe.” Pakiti ya karata ni zawadi rahisi, kadi 52 na jokari mbili, inaingia mfukoni, na kwa watu wengi ingekuwa sawa kabisa. Kwa huyu ingeleta ugomvi siku ya Bonane.

Lugha nilishajifunza kwa gharama yangu. Kanuni yangu sasa ni kwamba kama mchezo una maneno ndani yake, kwenye kadi au kwenye vibao, nauliza lugha ambayo wanagombana nayo mezani. Ya shule au ya kanisani haitoshi. Mtu anaweza kusoma Kifaransa vizuri sana ofisini na bado akachoka kucheka kwa Kifaransa.

Swali la mwisho ni kuhusu vitu alivyo navyo tayari, na hapa zawadi nyingi nzuri hujificha. Mtu anayecheza dame kwa vifuniko vya chupa juu ya katoni ana mchezo. Anachokosa ni ubao. Lakini ubao upi? Dame ya sheria za kimataifa, ile iliyoenea katika nchi za Kifaransa, ina visanduku kumi kwa kumi na kete ishirini kwa kila upande. Ile ya visanduku vinane kwa vinane ina kete kumi na mbili kwa kila upande, na ndiyo drafti utakayoikuta Tanzania na Kenya. Mpe mtu aliyezoea moja ubao wa nyingine, atakushukuru na atarudi kwenye katoni yake. Basi muulize: mwanzoni kila mtu anapanga vifuniko vingapi? Akisema ishirini, umepata. Hali kadhalika kisolo. Huku kwetu wazee wenye asili ya Kasai bado wana mikono ya kisolo, na ubao wao una safu nne, mara nyingi zenye mashimo saba kila moja. Ukipita Dar es Salaam ukamletea ubao mzuri wa bao la Kiswahili, una mashimo manane kwa safu, na kete 64, na shimo moja la mraba kila upande linaloitwa nyumba. Mzee atauangalia, atauliza hilo shimo la mraba ni la nini, na hautahamia katika mikono yake.

Kwa vijana wa mashine neno ni fupi. Usinunue mchezo wa PS4 au PS5 kabla ya kujua mambo matatu: ni mashine ipi hasa, ina mdomo wa kuingizia diski au haina, na kama unanunua namba ya kulipia mtandaoni, akaunti yake ilifunguliwa kwa jina la nchi gani. Diski ya PS4 inaingia kwenye PS5 yenye mdomo. Ya PS5 haichezi kwenye PS4. Namba ya nchi nyingine inakataliwa, na duka halirudishi pesa. Mdogo wa huyo unayempa atakujibu yote matatu kwa dakika moja.

Nirudi kwa fundi wangu. Nilikuwa na majibu ya mazungumzo mawili ya kituo cha basi: dame kwa mapenzi ya kaka, watu watano, mdogo analia, baraza na taa dhaifu, saa moja na nusu, hakuna karata, ludo inaruhusiwa hata na mama-mkwe. Dukani kulikuwa na ludo za plastiki zinazokunjwa. Nilifungua moja, muuzaji akanikazia macho. Zilikuwamo kete kumi na tano badala ya kumi na sita, na dadu ambayo nne ilitazamana na tano. Dadu nzuri, pande zinazotazamana hujumlika saba: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Isiyojumlika hivyo haimaanishi inadanganya, lakini inakwambia aliyeitengeneza alikuwa na haraka, na kitu cha haraka hakifiki Pasaka.

Nikaenda kwa seremala. Nilimwomba ubao mmoja wenye nyuso mbili, ludo upande huu, dame upande ule, ili zawadi iwe ya familia kwanza na ya kumbukumbu ya kaka baadaye. Dame tuliipa visanduku vya sentimita 4, kumi vinafanya 40, na ukingo wa sentimita 2 kila upande, ubao wa 44. Kete za sentimita 3 zinakaa vizuri humo, zikiacha nafasi ya kidole. Tulichosahau ni kwamba ludo ina visanduku kumi na tano kwa upande. Gawanya 40 kwa 15 unapata sentimita 2 na nusu na kitu. Kete ya dame inamwagika nje ya kisanduku cha ludo, na mbili zikikaribiana hujui ipi iko wapi, hapo ndipo yule wa kati angeiba hatua zake. Ikabidi akate kete nyingine kumi na sita za sentimita 1.8 kutoka kwenye mpini wa fagio. Rangi nilichagua nyekundu, nyeupe, nyeusi na njano, baada ya kuzitazama kivulini. Alipomaliza alihuzunika kwamba kona nyeusi ya dame imekuja kuliani kwa mchezaji badala ya kushotoni. Nikauzungusha ubao robo, kona nyeusi ikaja kushoto. Tukacheka, akanipunguzia kidogo.

Kwa habari ya mtu wa tano, niliandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukingoni: mdogo ndiye mwenye dadu. Anatupa kwa ajili ya wote wanne. Mtoto wa miaka sita akiwa na mamlaka hayo hana sababu ya kulia, na kila mtu anambembeleza ili atupe sita.

Nilipita kwao katikati ya mwezi wa kwanza. Walikuwa barazani, ludo, mdogo amesimama juu ya kiti anatikisa dadu kwenye kikombe huku mama yake anamwita baba mkubwa. Nilisimama kuangalia. Mchezo ulipokwisha watoto waliingia kula, na fundi akaupindua ubao polepole upande wa dame. Uso ule ulikuwa bado mpya, vanishi haijakwaruzwa hata mahali pamoja. Akaanza kupanga kete, ishirini kwake, na ishirini upande ambao hapakuwa na mtu.

“Yaya,” akasema bila kuinua macho, “zile siku zote uliniuliza maswali. Miye sikukuuliza hata moja. Weye unajuaka dame?”

Nilivuta kiti. Hatua ya tisa nilikula kete yake moja nikiwa nimefurahi sana, akanishika mkono, akanionyesha kwamba upande wa pili palikuwa na njia ya kula mbili, na kwa sheria ya kaka yake penye nyingi ni lazima ule nyingi. Nikarudisha. Nikala zile mbili. Naye akala nne.